Drili ya Nyumbani: Betri Kwanza, Mota Mwisho

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi na kuuliza drili nzuri ni ipi, aghalabu utatajiwa nguvu kwanza. Hii ni ya volti 20, ile ya 48, na pale juu kuna iliyoandikwa 88. Mnunuzi anayetaka kufunga mapazia, kutundika televisheni na kuweka rafu mbili jikoni huchukua yenye namba kubwa kuliko zote ndani ya bajeti yake. Baada ya mwaka drili iko kabatini, mota yake ni nzima, mdomo wake haujachubuka, ila betri haishiki tena chaji na hakuna duka lenye nyingine ya kuingia pale.

Kwa mtu anayetoboa mara chache kwa mwaka, hivyo ndivyo drili nyingi za betri zinavyoisha. Drili ya fundi huchoshwa na kazi, ya mwenye nyumba huchoshwa na kukaa. Kwa sababu hiyo maswali ya kuuliza dukani si yale ya fundi, na hata mpangilio wake si ule ule. Kwanza ulizia betri, kisha mdomo unaobana biti, kisha mota. Ukishapata majibu ya hayo matatu, chapa ya kununua inakuwa imejichagua.

Waya au betri?

Kabla ya kulinganisha betri, jiulize kama unaihitaji. Drili ya waya haina kitu kinachozeeka kikiwa kabatini. Unaweza kuiacha miaka mitatu, ukaichomeka, ikazunguka kama siku uliyoinunua. Kwa bei ya drili ya betri ya kiwango cha kati unapata drili ya waya ya chapa kubwa, kwa kuwa hulipii betri wala chaja. Modeli kama Makita HP1630 ya wati 710 au Bosch GSB 550 ya wati 550 zina mdomo wa milimita 13 na zinapiga nyundo, yaani zinazunguka huku zikigonga, jambo ambalo ukuta wa saruji unalihitaji.

Drili ya betri inajilipa pale soketi ilipo mbali au haipo kabisa: kwenye geti, juu ya paa, kwenye nyumba ambayo bado haijaingiziwa umeme, au katika mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara. Ni nyepesi pia kwa kufunga skrubu, kwa sababu haina waya wa kukuvuta ukiwa juu ya ngazi. Kama kazi zako nyingi ziko ndani ya nyumba yenye umeme, drili ya waya pamoja na ekstensheni nzuri ni jibu kamili. Ukipata ya mtumba, soma tu kibandiko chake. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni vya volti 120 na vya Japani ni vya volti 100. Ukivichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, mota inaungua.

Unaponunua betri unaingia ukoo

Kila kampuni hutengeneza betri yenye reli na vishikio vyake, na betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Hilo wengi wanalijua. Kinachowashangaza watu ni kwamba hata ndani ya kampuni moja kuna koo tofauti za betri zisizoingiliana, na nembo iliyo ubavuni haikuambii umeshika ukoo gani.

Makita ni mfano mzuri. Ukoo wake mkubwa wa volti 18 unaitwa LXT, ulianza mwaka 2005, na betri zake huingia kwenye mashine nyingi sana, kuanzia drili na misumeno hadi feni na redio. Lakini Makita hiyo hiyo inauza drili nafuu za volti 18 za ukoo wa G. Drili ya HP457D, yenye betri ya BL1813G, ni ya ukoo huo. Ukiipeleka dukani kutafuta betri ya pili ukapewa BL1830 ya LXT, haitaingia, ingawa zote mbili ni Makita na zote ni volti 18. Drili ya DHP482 ndiyo inayotumia LXT. HP457D si drili mbaya, inafanya kazi za nyumbani vizuri. Shida ni kwamba mnunuzi hudhani ameingia katika ukoo mpana, kumbe ameingia katika mdogo.

Bosch nayo ina rangi mbili. Mashine za bluu ni za mafundi na za kijani ni za nyumbani. Betri za volti 18 za bluu haziingii kwenye mashine za kijani za volti 18, wala za kijani kwenye za bluu. Hata Black+Decker, DeWalt na Stanley, ambazo zinamilikiwa na kampuni moja ya Stanley Black & Decker, hazitumii betri moja.

Katika maduka ya Kariakoo na ya Nairobi utakutana sana na Ingco na Total. Zote mbili huandika P20S kwenye betri zao za volti 20. Andiko hilo ndilo la kutafuta, kwa sababu chapa hizo hizo zina drili za volti 12 ambazo betri yake ni ndogo na ya umbo jingine. Ukiambiwa betri ya moja inaingia kwenye nyingine, omba ijaribiwe mbele yako, iingie, ifunge na drili izunguke, na uulize dhamana itakuwaje ukizichanganya.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni jepesi: “Betri hii peke yake, bila drili, unauza? Naomba niione.” Kama anayo rafuni, ukoo huo uko hai katika mji wako. Kama jibu ni kwamba itabidi iagizwe, au kwamba drili huuzwa na betri zake tu, basi siku betri itakapokufa drili nayo imekufa. Chapa ya kawaida yenye betri rafuni ina faida kubwa kwako kuliko chapa maarufu ambayo betri zake hazifiki mjini kwenu.

Volti 88 zisizokuwapo

Betri za kisasa za drili zimeundwa kwa seli za lithiamu zilizounganishwa mfululizo. Kila seli hupewa kiwango cha volti 3.6, na ikijaa chaji hufika volti 4.2. Drili ya volti 18 ina seli tano: 3.6 mara tano ni 18. Seli hizo hizo tano zikiwa zimetoka kwenye chaja zinakaribia 21. Ndiyo maana kampuni moja huandika 18, nyingine 20 na nyingine 21 juu ya kitu kile kile. DeWalt huiita volti 18 Ulaya na volti 20 Marekani, wala hakuna tofauti ya nguvu. Usilipe zaidi kwa ajili ya 20 dhidi ya 18.

Namba 36, 48, 88 au 128 zikifuatwa na herufi VF kwenye drili za bei ya chini ni habari nyingine. Herufi hizo hazina maana yoyote katika umeme, na ndani ya boksi mara nyingi mna seli tano zile zile. Huhitaji kuifungua betri ili ujue. Igeuze chaja usome kibandiko, mahali panapoonyesha umeme unaotoka. Chaja ya seli tatu hutoa volti 12.6, ya seli nne 16.8, ya seli tano 21. Drili ikiandikwa 88 na chaja yake ikaandikwa 21, ukweli umeandikwa kwenye chaja, kwa kuwa chaja ya volti 21 haiwezi kuijaza betri ya volti 88.

Baada ya volti, tazama ampea-saa, ambazo huandikwa Ah. Hizo ndizo ujazo wa betri. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, yaani nishati yote iliyomo. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Yenye ampea-saa 4 ina 72, na kwa kawaida ndani yake kuna seli kumi, kwa hiyo ni nzito karibu mara mbili. Kupima kwa mkono kunasaidia: betri halisi ya seli tano ina uzito wa kati ya gramu 350 na 400 hivi, na inayodai ampea-saa 4 au 5 huku ikiwa nyepesi kama hiyo inatia shaka.

Mdomo unaobana biti

Mbele ya drili kuna mdomo wenye taya tatu zinazoishika biti. Namba inayoandikwa, 10 au 13, ni unene mkubwa kabisa wa shina la biti, kwa milimita, unaoweza kuingia. Mdomo wa 10 unatosha kwa matundu ya skrubu za mapazia na rafu. Wa 13 hukuruhusu pia kutumia biti nene za mbao na msumeno wa duara wa kutobolea tundu la bomba au la kitasa. Drili za volti 12 kwa kawaida huja na mdomo wa 10, za volti 18 huja na wa 10 au 13. Kwa kuwa tofauti ya bei si kubwa na drili ni moja kwa miaka mingi, chagua 13 kama ipo.

Jambo la pili ni jinsi unavyokazwa. Mdomo wa ufunguo hukazwa kwa kifunguo chenye meno. Unabana sana na hauteleziki kwa urahisi hata drili ikipiga nyundo, ila ufunguo ukipotea umekwama. Ufunge kwenye waya wa drili, karibu na plagi, ili kila unapobadilisha biti uwe umeichomoa drili kwenye umeme. Kaza ufunguo katika matundu yote matatu ya mdomo, si moja tu, ili taya zishike kwa usawa. Mdomo wa kukaza kwa mkono ni wa haraka na hauhitaji kifaa, na mzuri hutoa sauti ya kukwaruza unapofika mwisho, kuashiria kwamba umejifunga. Ule wa bei ya chini, wenye pete ya plastiki tupu, hulegea kwa mtikisiko wa nyundo, na biti hubaki ndani ya ukuta wakati drili inazunguka peke yake.

Hapa ndipo unapoweza kuijua drili nzuri kabla ya kulipa. Omba biti mpya iliyonyooka, ibane, kisha izungushe drili polepole huku ukitazama ncha. Ncha ikitulia mahali pamoja, mdomo umekaa sawa. Ikichora duara hewani, itoe biti, irudishe vizuri na ujaribu tena. Ikiendelea kuchora duara, mdomo au mhimili wake umepinda, na kila tundu utakalotoboa litakuwa pana kuliko biti, plagi ya plastiki itacheza ndani na skrubu itang'oka na pazia lake. Kasoro hii hujitokeza sana kwenye drili bandia zenye majina makubwa, kwa sababu nembo ni rahisi kuiga lakini kuchonga chuma kikae sawasawa ni gharama.

Usichanganye mdomo huu na ule wa SDS. Mashine ya SDS hushika biti yenye mifereji kwenye shina lake, na ndani yake mna pistoni inayogonga biti kwa kishindo cha hewa. Drili ya nyundo ya kawaida hugonga kwa sahani mbili zenye meno zinazorukiana, kwa hiyo nguvu ya kugonga hutegemea jinsi wewe unavyosukuma. Kwa tofali inatosha. Kwa zege inahangaika.

Mota: yenye brashi au brashilesi

Katika mota ya kawaida umeme hufika kwenye sehemu inayozunguka kupitia vipande viwili vya kaboni, ambavyo mafundi huviita brashi. Vipande hivyo husugua kwenye shaba, hutoa cheche ndogo na huisha taratibu. Katika mota ya brashilesi sumaku ndizo zinazozunguka, nyaya za shaba zimetulia, na bodi ya kielektroniki hupeleka umeme kwa zamu. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi, kwa hiyo joto hupungua na betri ile ile hufanya kazi nyingi zaidi.

Kwa fundi anayetoboa kutwa, tofauti hiyo inalipa haraka. Kwa mwenye nyumba hailipi hivyo. Brashi za kaboni ambazo fundi huzimaliza kwa kazi ya kila siku, wewe unaweza kukaa nazo miaka mingi. Zikiisha utajua: cheche huongezeka na kuonekana kupitia matundu ya hewa, kunakuwa na harufu ya kuungua, drili hukata na kurudi ukiigonga kidogo. Jozi mpya ni ya bei ndogo, na kwenye drili nyingi za waya hufikiwa kwa kufungua vifuniko viwili vya duara ubavuni. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Mota ya brashilesi haina brashi za kubadilisha, lakini bodi yake ikiungua, bei ya spea inaweza kukaribia bei ya drili.

Kama fedha za ziada zipo, kwa matumizi ya mara chache ni afadhali ziende kwenye betri ya ampea-saa 4 ya ukoo unaopatikana, au kwenye mdomo bora, kuliko kwenye neno brashilesi. Drili zote za waya nilizozitaja zina brashi, na zinafanya kazi hiyo vizuri.

Nyumba moja na hesabu yake

Tuchukue nyumba ya matofali ya saruji yenye kazi hizi: fimbo za mapazia kwenye madirisha matatu, kila fimbo na vishikio viwili na kila kishikio na skrubu mbili, jumla matundu 12. Televisheni inahitaji manne. Rafu mbili za jikoni, kila moja na vishikio viwili vya skrubu mbili, zinahitaji manane. Yote ni matundu 24.

Kutoboa tofali la saruji kwa biti ya milimita 6 au 8 iliyo kali huchukua kama sekunde 20. Ikiwa drili inavuta wati 250 inapotoboa, betri ya wati-saa 36 inakupa dakika nane na nusu za kuzunguka mfululizo. Matundu 24 kwa sekunde 20 ni dakika nane. Kwenye karatasi betri ya ampea-saa 2 inafika, tena kwa shida. Ya ampea-saa 1.5, ambayo ndiyo huja na drili nyingi za bei ya chini, ingeishia kwenye tundu la 19.

Lakini fimbo za mapazia hazikai kwenye tofali. Hukaa juu tu ya dirisha, na hapo ndipo ilipo linta, boriti ya zege yenye nondo ndani. Drili ya nyundo ya kawaida inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kwa tundu moja la zege. Matundu 12 ya linta yakichukua dakika 12, na 12 ya tofali dakika nne, tumefika dakika 16. Betri ndogo haiwezi bila kurudi kwenye chaja, na mota ya drili ndogo itakuwa imepata moto mara kadhaa. Ukihisi biti imegota ghafla na unga mweupe umekoma kutoka, umegusa nondo. Usisukume, sogeza tundu sentimita mbili.

Kwa nyumba hii, yenye umeme, jibu langu ni drili ya waya ya wati 600 hadi 700 yenye mdomo wa ufunguo wa milimita 13, ya chapa ambayo brashi zake zinauzwa mjini. Linta ikiwa ngumu mno, kodi mashine ya SDS kwa siku moja au mlete fundi mwenye nayo, kwa sababu matundu 12 hayatoshi kuwa sababu ya kuimiliki. Kwa nyumba za mawe ya matumbawe, kama zilivyo nyingi Mombasa, Lamu na Zanzibar, hesabu inageuka. Jiwe hilo ni laini na chokaa yake humeguka, kwa hiyo zima nyundo utoboe kwa kuzungusha tu, ama sivyo tundu litapanuka na ukuta utabomoka pembeni. Huko drili ya betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 inatosha kabisa.

Ukichagua ya betri, ipe nafasi ya kuishi. Betri za lithiamu hudhoofishwa na joto na kukaa tupu, kwa hiyo usiiache ndani ya gari juani wala kuiweka kabatini ikiwa imeisha. Iweke ikiwa na chaji ya nusu hivi, itoe kwenye drili, na uichaji tena kila baada ya miezi sita hata kama hujaitumia. Ikishuka kupita kiasi, chaja huikataa. Na siku ile ile ya kununua, kabla risiti haijapotea, toboa matundu kadhaa kwenye tofali mpaka betri ishuke, uichaji hadi taa ibadilike, kisha utoboe tena. Drili yenye kasoro ya betri, mdomo au mota mara nyingi huionyesha katika mzunguko huo wa kwanza, wakati muuzaji bado anawajibika kuipokea.